Karatasi mama ya safari: orodha moja kwenye simu, nakala mpya kwa kila mzigo

Anayepeleka viazi mviringo Dar es Salaam kutoka milima ya Umalila au Uporoto, au kutoka Mufindi na Kilolo, kwa kawaida orodha ya safari anayo kichwani. Anajua gari litafutwe lini, nani atashona magunia, ushuru ukatwe wapi, dereva apewe shilingi ngapi ya njiani. Orodha ya kichwani haina shida siku mambo yakienda sawa. Shida huanza siku mpokeaji wa Mabibo anapopiga simu kusema magunia yamefika 70, nawe unakumbuka yalipakiwa 72, dereva anaapa kwamba hakufungua turubai, na hakuna aliyeandika kitu.

Wengi wanaoandika hutumia daftari, au ujumbe mmoja wa simu wanaoufuta na kuuandika upya kila safari. Daftari huloa, hubaki kwenye gari, hubeba hesabu za watu watatu katika ukurasa mmoja. Ujumbe wa simu ukishaandikwa upya, safari ya mwezi uliopita imepotea. Hapa tunaeleza njia ya tatu. Unatengeneza orodha moja safi kwenye simu, ambayo haitumiki safarini hata siku moja. Kila mzigo unapotaka kutoka unatoa nakala yake, unaijaza hiyo nakala, na safari ikiisha unaiweka mahali pake isiguswe tena. Ile orodha safi tutaiita karatasi mama. Mafundi wa kompyuta huiita kiolezo.

Unachohitaji ni simujanja ya kawaida yenye akaunti ya Google, ileile inayofungua duka la programu, pamoja na programu mbili za bure: Google Sheets na Google Drive. Ya kwanza ni lahajedwali, yaani ukurasa uliogawanywa kwa mistari inayolala na safu zinazosimama, kama daftari la mahesabu la dukani. Ya pili ni kabati la kuwekea mafaili. Ukurasa wa maandishi na namba peke yake ni mwepisi, haumalizi bando. Kinachomaliza bando ni picha, na picha hatuziingizi humu.

Kujenga karatasi mama

Fungua Google Sheets, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua ukurasa mpya. Upe jina MAMA - Viazi Dar. Herufi kubwa mwanzoni zina kazi: usiku, ukiwa na haraka, jicho litaona mara moja kwamba hili si faili la kuchezea.

Mistari mitatu ya juu iwe ya utambulisho. Kwenye A1 andika Safari, kwenye A2 andika Tarehe ya kupakia, kwenye A3 andika Yaliyobaki. Majibu yatakaa safu ya B. Mstari wa 4 uwe wa vichwa vya safu: A ni Hatua, B ni Jambo, C ni Tayari, D ni Nani, E ni Maelezo. Kuanzia mstari wa 5 unaandika mambo yenyewe, kila jambo mstari wake.

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi huharakisha. Mstari usiandikwe kama kumbukumbu ya mtu mmoja, uandikwe kama kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kwa macho na kusema ndiyo au hapana. Ukiandika «Ushuru», kijana wako ataweka tiki kwa sababu amewaza ushuru, au amemkumbusha dereva. Ukiandika «Stakabadhi ya ushuru wa mazao iko mkononi, namba yake imeandikwa», hawezi kuweka tiki bila karatasi kuwa mkononi. Vivyo hivyo usiandike «Magunia». Andika «Magunia yamehesabiwa na watu wawili kabla ya turubai kufungwa». Usiandike «Gari». Andika «Leseni ya dereva na bima ya gari zimeonekana, namba ya gari imeandikwa».

Kwa safari ya viazi, mambo 16 yanatosha kuanzia. Yagawe kwa hatua kwenye safu A. Nyumbani kabla ya gari: bei ya sokoni imeulizwa siku hiyohiyo, mpokeaji amethibitisha siku ya kupokea, nauli imekubaliwa na kuandikwa, magunia matupu na kamba vimefika shambani. Wakati wa kupakia: viazi vilivyokatwa na jembe na vilivyooza vimetolewa, hakuna gunia la lumbesa, magunia yamehesabiwa, turubai limefungwa. Kabla ya kuondoka: stakabadhi ya ushuru, nyaraka za gari, fedha ya njiani, namba mbili za simu za dereva. Njiani na mwisho: gari limepita mizani, mzigo umepokelewa na kuhesabiwa upya, fedha imeingia, magunia matupu yamerudi.

Kuhusu lumbesa, usiuone huo mstari kama pambo. Wakala wa Vipimo husisitiza kuwa gunia la mazao lisizidi kilo 100, na gunia lililoongezewa kilemba linaweza kukuletea kesi njiani. Tena kwa aliye mkulima, lumbesa ni viazi vyake vinavyoondoka bila kulipwa. Mstari mmoja kwenye orodha unamlazimisha anayesimamia upakiaji kuangalia vichwa vya magunia kabla hayajapanda juu.

Sasa weka visanduku vya tiki. Gusa seli C5, buruta hadi C20, kisha bonyeza nukta tatu za juu kulia. Chagua «Data validation», kwenye «Criteria» chagua «Checkbox», halafu hifadhi. Visanduku 16 vitatokea. Ukigusa kimoja kinapata tiki, ukikigusa tena tiki inaondoka. Maneno ya kwenye skrini yanaweza kutofautiana kidogo kulingana na simu na lugha uliyochagua, lakini mpangilio ni huo.

Mstari wa 21 uache mtupu na uupake rangi ya kijivu. Huo ni mpaka wa orodha. Siku ukitaka kuongeza jambo, ingiza mstari mpya juu ya ule wa kijivu, usiandike chini yake. Sababu inakuja sasa hivi. Kwenye seli B3 andika fomula hii kama ilivyo:

```
=COUNTA(B5:B21)-COUNTIF(C5:C21,TRUE)
```

Sehemu ya kwanza inahesabu mambo yaliyoandikwa kwenye safu B. Sehemu ya pili inahesabu tiki. Ukitoa tiki kutoka kwenye mambo, unapata yaliyobaki. Orodha mpya itaonyesha 16. Ukiweka tiki tano itaonyesha 11. Ikifika 0, kila kitu kimekamilika. Ukiingiza mstari mpya juu ya mstari wa kijivu, fomula inajinyoosha yenyewe na kuuhesabu. Ukiandika chini ya mstari wa kijivu, jambo hilo liko nje ya hesabu, na karatasi itakuambia 0 wakati bado kuna kazi. Ukiingiza mstari, angalia pia kwamba safu C ya mstari huo ina kisanduku. Kama haina, kiweke kama ulivyoviweka vingine.

Kuna fomula nyepesi zaidi, ya kuhesabu visanduku visivyo na tiki. Haifai hapa. Mtu akifuta kisanduku kwa bahati mbaya, kile kisanduku hakimo tena kwenye hesabu, na karatasi inasema mambo yamepungua. Fomula yetu inaanzia kwenye majina ya mambo, kwa hiyo kisanduku kilichofutwa kitaendelea kuhesabiwa kama kazi ambayo haijafanyika. Kwa mzigo wa watu ni afadhali karatasi inayokusumbua bure kuliko inayokutuliza bure.

Chini kabisa weka hesabu ya magunia. A23 andika Yamepakiwa, A24 Yamepokelewa, A25 Tofauti. Namba zitaingia B23 na B24, na kwenye B25 weka:

```
=B23-B24
```

Karatasi mama imekamilika. Ifunge.

Tarehe usiiache ijiandike

Mtu anayejua lahajedwali kidogo atashawishika kuweka fomula `=TODAY()` kwenye seli ya tarehe ili asisumbuke kuandika. Usifanye hivyo. Fomula hiyo huonyesha tarehe ya siku unayofungua faili, wala si siku uliyopakia. Leo itaandika tarehe ya leo, na ukiifungua nakala hiyo miezi mitatu baadaye kutafuta ushahidi, itaandika tarehe ya siku hiyo ya kutafuta. Kumbukumbu yako yote ya zamani itakuwa na tarehe moja, ya leo. Andika tarehe kwa mkono, ibaki ilivyo.

Kutoa nakala

Safari imepangwa. Ukiwa bado mahali penye mtandao mzuri, fungua Google Sheets kwenye orodha ya mafaili, gusa nukta tatu kando ya jina la MAMA, chagua «Make a copy». Itakuuliza jina na folda. Jina lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila namba kwa tarakimu mbili isipokuwa mwaka: 2025-07-05 Viazi Mabibo. Sisi tumezoea kuanza na siku, lakini simu hupanga majina kwa kusoma kutoka kushoto. Ukianza na siku, safari ya tarehe 5 Julai itakaa kando ya safari ya tarehe 5 Novemba, na safari mbili za mwezi mmoja zitatengana. Ukianza na mwaka, zinajipanga zenyewe kama zilivyofuatana.

Kwenye Google Drive tengeneza folda mbili kabla ya yote: Zinazoendelea na Zilizokwisha. Nakala mpya inaingia Zinazoendelea. Karatasi mama ikae nje ya folda hizo zote mbili.

Ukishatoa nakala, fanya mambo mawili kabla hujaondoka nyumbani. La kwanza, gusa nukta tatu na uchague «Make available offline», ili nakala ifunguke hata simu ikikosa mtandao. Shamba lako likiwa bondeni, au wewe mwenyewe ukisafiri na gari ukashuka Kitonga, mtandao utakatika, lakini tiki utakazoweka zitahifadhiwa ndani ya simu na kupanda mtandao ukirudi. La pili, mpe nafasi anayehusika. Nakala mpya kwa kawaida haibebi ruhusa za karatasi mama, inazaliwa ikiwa yako peke yako. Wengi hutuma kiungo kwa WhatsApp, kisha wanalaumu simu ya mwenzao kwamba haifungui. Gusa «Share», andika anwani ya barua pepe ya anayesimamia upakiaji, mpe «Editor» ili aweze kuweka tiki. Mpokeaji wa sokoni mpe «Viewer», aone bila kubadili.

Anayesimamia shambani akiwa na simu ya kitochi, mambo hayaharibiki. Anakupigia, unamsomea mstari mmoja mmoja, anajibu, unaweka tiki wewe. Kwenye safu D andika jina lake, kwenye E andika «kwa simu, saa 11 jioni». Rubani na msaidizi wake nao husomeana orodha namna hiyohiyo kabla ndege haijaruka, mmoja anasoma na mwingine anajibu. Utamaduni huo ulianza Marekani mwaka 1935, baada ya ndege mpya ya kivita iliyokuwa ikifanyiwa majaribio kuanguka kwa sababu kifungio kimoja kilisahaulika kufunguliwa. Rubani wake hakuwa mgeni wa kazi.

Namba ya stakabadhi ya ushuru iandikwe safu E siku hiyohiyo, pamoja na kiasi na jina la halmashauri. Karatasi inayotoka kwenye mashine ya mkononi huchapwa kwa joto, bila wino. Ikikaa juani mbele ya kioo cha gari hufifia, na kufikia Chalinze inaweza kuwa nyeupe. Dereva bado anatakiwa kuwa na karatasi yenyewe, lakini namba ikiwa kwenye nakala yako, una mahali pa kuanzia ukiulizwa.

Safari moja, kutoka mwanzo hadi kabatini

Tuchukue mfano wa kujitungia, wa mfanyabiashara wa Mbeya Vijijini anayepeleka mzigo Julai 5. Jioni ya Julai 3 anatoa nakala. B3 inasoma 16. Usiku huohuo anaweka tiki nne za nyumbani, inabaki 12. Siku ya kupakia, saa 10 jioni, magunia 40 yanapanda kijijini. Gari linashuka Uyole, magunia mengine 32 yanapanda saa 2 usiku. B23 anaandika 72. Turubai linafungwa, stakabadhi na nyaraka zinaonekana, fedha ya njiani inatolewa. Anapotaka kumruhusu dereva, B3 inasoma 5. Anajua mambo ya njiani na mwisho ni manne tu, kwa hiyo kuna moja la hapa ambalo halijafanyika. Anapandisha macho: namba ya pili ya simu ya dereva haijaandikwa. Inachukuliwa. Gari linaondoka likipitia Makambako, Mafinga, mizani ya Wenda, Ipogolo, kisha Kitonga kwenda Morogoro.

Mchana wa pili mpokeaji anapiga simu. Amehesabu 70. B24 inaandikwa 70, B25 inatoa 2. Mfanyabiashara hagombani bado. Anaandika kwenye E: «Pungufu 2. Upakiaji sehemu mbili, wa pili usiku.» Fedha inaingia, magunia matupu yanarudi, B3 inasoma 0.

Sasa kufunga. Anafungua «Share», kisha «Manage access», na kila aliyekuwa «Editor» anamshusha kuwa «Viewer». Kuanzia hapo hakuna kati yao anayeweza kurudi nyuma na kugeuza 72 kuwa 70, wala 70 kuwa 71. Kisha kwenye Google Drive anagusa nukta tatu za faili, anachagua «Move», anachagua folda ya Zilizokwisha. Kazi yote haizidi dakika mbili. Usipoifanya siku fedha inapoingia, hutaifanya tena. Utajikuta na nakala sita kwenye Zinazoendelea, na siku ya haraka utajaza ile ya mwezi uliopita.

Mwishoni mwa Agosti anafungua Zilizokwisha. Kuna safari nne. Juni 14: yamepakiwa 70, yamepokelewa 70. Julai 5: 72 na 70. Julai 26: 70 na 70. Agosti 16: 71 na 69. Magunia manne yamepotea. Tuseme gunia ni shilingi 70,000, hiyo ni 280,000. Alikuwa akimshuku dereva, lakini dereva ni yuleyule kwa safari zote nne. Anasoma maelezo ya safu E, anakuta Julai 5 na Agosti 16 ndizo safari zilizopakiwa sehemu mbili, na ya pili ikiwa usiku. Hizo nyingine mbili zilipakiwa sehemu moja, mchana. Hajui bado kama magunia yaliibiwa Uyole, au hayakupanda kabisa na hesabu ya usiku ndiyo iliyokosewa. Lakini amejua pa kuangalia, na ameacha kumtuhumu mtu aliyekuwa njiani wakati hasara huenda ilitokea kabla hajawasha gari.

Kama angekuwa na orodha moja anayoondoa tiki na kuitumia tena, namba za Julai zingefutwa na za Agosti. Hii ndiyo sababu ya kutoa nakala badala ya kufuta tiki. Kufuta kunakupa orodha safi, lakini kunaondoka na ushahidi.

Somo lirudi kwa mama

Hatua hii ndiyo wanaoanza huisahau. Mfanyabiashara wetu akiongeza mstari wa «Kila kituo kihesabiwe peke yake, msimamizi na dereva wote wawili wataje namba» kwenye nakala ya safari ijayo, utamsaidia safari hiyo moja tu. Safari inayofuata itatoka kwa mama, na mama hana mstari huo. Kwa hiyo anafungua MAMA, anaingiza mstari juu ya ule wa kijivu, anaweka kisanduku chake, anahakikisha B3 sasa inasoma 17. Nakala za zamani anaziacha kama zilivyo, hata kama zina upungufu. Zinaonyesha kilichofanyika siku ile, na siku ile mstari huo haukuwepo.

Namba hiyo ya B3 ni kipimo cha afya ya mama pia. Karatasi mama yenye mambo 17 lazima isome 17 kila ukiifungua. Ukiikuta inasoma 14, kuna mtu amepakia mzigo kwa kutumia karatasi mama yenyewe. Ondoa tiki zake, na kama kuna namba za safari humo zihamishie kwenye nakala yake. Dawa ni kutomshirikisha mtu mwingine kwenye mama. Wanaopakia wapewe nakala tu.

Usiifanye orodha iwe ndefu bila mpaka. Kila hasara inaleta hamu ya kuongeza mstari, na baada ya mwaka mtu ana mistari 40 ambayo watu wanaitia tiki yote kwa mkupuo wakiwa wamekaa. Ukiona nakala kadhaa ambazo jambo fulani halijawahi kuzuia kitu chochote, liunganishe na jingine au lifute kwa mama. Mimi binafsi nikiona orodha ya safari imezidi skrini mbili za simu, naanza kuwa na wasiwasi nayo.

Kwa shughuli ya mara moja kwa mwaka

Njia hiihii inafaa kwa kikundi cha wakulima cha Iringa kinachokwenda Mbeya kila Agosti kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Hapo karatasi mama ni nyingine kabisa, usiichanganye na ya viazi. Inahusu sampuli za mazao, vibao vya majina, nafasi ya kuonyeshea bidhaa, malazi, mablanketi kwa sababu Agosti ya Uyole ina baridi, na nani anabaki nyumbani kuangalia mifugo. Tofauti kubwa ni kwamba hapa mwaka mzima unapita kati ya nakala na nakala. Safu ya E inageuka kuwa barua kwa kamati ya mwakani, ambayo huenda haitakuwa na mtu hata mmoja wa mwaka huu. «Meza mbili hazikutosha» ni maelezo yanayosaidia. «Tulijitahidi» hayasaidii.

Kikundi kina hatari mbili ambazo mtu mmoja hana. Ya kwanza ni umiliki: nakala ni mali ya akaunti iliyoitoa. Mwaka huu katibu akitoa nakala kwa simu yake, mwakani mweka hazina akatoa kwa yake, kumbukumbu za kikundi zitakaa kwenye simu za watu wawili, na mmoja akihama au akigombana na wenzake anaondoka nazo. Fungueni akaunti moja ya Google kwa jina la kikundi, nakala zote zitoke humo, na nywila ijulikane na viongozi wawili. Ya pili ni ukimya. Google wana utaratibu wa kufuta akaunti ambayo haijatumika kwa miaka miwili. Akaunti inayofunguliwa kwa ajili ya Nane Nane peke yake, mkiruka maonesho mawili mfululizo, iko karibu na ukingo huo. Mtu mmoja aifungue walau mara moja kila baada ya miezi michache.

Nafasi ya kuhifadhi isiwape hofu. Akaunti ya bure ina gigabaiti 15, na kurasa za maandishi kama hizi zinakula sehemu ndogo sana ya hizo, hata ukisafirisha kila wiki kwa miaka. Zikizidi kumi kwenye folda ya Zilizokwisha, kinachochosha ni kuzifungua moja moja. Hapo tengeneza faili la pili, uliite Daftari la safari, lenye mstari mmoja kwa kila safari: tarehe, mpokeaji, yamepakiwa, yamepokelewa, tofauti, na maneno machache ya maelezo. Lijazwe dakika ileile unapoihamisha nakala kwenda kabatini, namba zikiwa bado ziko mbele ya macho.